Rekodi za mabingwa au kujichezea? Njia mbili za kuifundisha programu ya mchezo wa ubao

Anayeunda programu ya kucheza go, sataranji au othello hukutana na swali moja kabla ya mengine yote: mwalimu awe nani? Anaweza kukusanya rekodi za mechi za watu na kuiambia programu iwaige. Au anaweza kuipa sheria za mchezo tu, akaiacha ijichezee, yaani ikae pande zote mbili za ubao, ishinde na ishindwe yenyewe, na ijifunze kutokana na matokeo hayo. Nitazilinganisha njia hizi mbili kwa kuegemea zaidi mchezo wa go, ambao wachezaji wawili hupokezana kuweka mawe ubaoni wakigombea eneo, kwa sababu huko kuna jaribio ambalo ni nadra kulipata kwingine: mtandao uleule wa neva, wenye umbo lilelile, ulifundishwa mara mbili na walimu wawili tofauti.

Nianze na njia ya rekodi. AlphaGo, programu ya go iliyomshinda bingwa Lee Sedol 4 kwa 1 mjini Seoul mwezi Machi 2016, ilianzia hapo. Waundaji wake walichukua mechi 160,000 za wachezaji wazuri kutoka KGS, seva ya kuchezea go mtandaoni, wakazikatakata kuwa hali za ubao zipatazo milioni 30, na kwa kila hali mtandao ukaulizwa: mtu alicheza wapi? Baada ya mafunzo uliweza kubashiri sawasawa mara 57 katika kila 100. Kujichezea kulikuja baadaye, kama hatua ya kuunoa mtandao ambao tayari ulikuwa umeonja mikono ya watu.

AlphaGo Zero, iliyotangazwa Oktoba 2017, haikupewa rekodi hata moja. Ilianza ikiweka mawe kiholela. Baada ya saa tatu hivi ilikuwa ikicheza kama mtu aliyejifunza go wiki iliyopita: inakimbilia kula mawe ya mpinzani na kusahau eneo. Ndani ya siku 3 ilikuwa imejichezea mechi milioni 4.9, na ilipokutanishwa na toleo lililomshinda Lee, ilishinda mechi 100 kati ya 100.

Matokeo hayo yamesimuliwa sana. Kinachosimuliwa kidogo ni namna somo lenyewe linavyotolewa, na hapo ndipo tofauti ya walimu wawili inapoonekana. Hebu tuchukue hali moja ya ubao yenye sehemu tatu za maana za kucheza: A, B na C. Tarakimu nimezitunga ili tuone hesabu inavyokwenda. Mtandao, kabla ya kufikiri, unakisia kwamba A inafaa kwa 0.60, B kwa 0.30 na C kwa 0.10.

Mwalimu wa kwanza anafungua rekodi. Mchezaji alicheza A. Basi jibu sahihi ni A kwa 1, na nyingine zote ni sifuri. Hakuna anayeuliza kama alicheza vizuri, kama alikuwa amechoka, au kama B ingekuwa bora. Mtandao unasukumwa uiamini A zaidi.

Mwalimu wa pili hana jibu mfukoni, inabidi alitafute. Programu inapekua mbele, tuseme mara 200, kila mara ikifuata mstari mmoja wa majibizano na kuuliza mtandao hali ya mwisho inampendelea nani. Mwanzoni inapekua A zaidi, kwa kuwa makisio yanaelekea huko. Lakini baada ya mara chache inakutana na jibu la mpinzani linalokata kundi lake la mawe vipande viwili, na thamani ya A inashuka. Upekuzi unahamia B. Mwisho wa hesabu A imetembelewa mara 40, B mara 144 na C mara 16.

| | A | B | C |
|---|---|---|---|
| Makisio ya mtandao | 0.60 | 0.30 | 0.10 |
| Somo kutoka kwenye rekodi | 1 | 0 | 0 |
| Somo kutoka kwenye upekuzi | 0.20 | 0.72 | 0.08 |

Mstari wa tatu ndio moyo wa kujichezea. Mtandao unafundishwa ukisie, bila kupekua, kile ambacho upekuzi uligundua kwa jasho. Kesho ukikutana na hali kama hiyo unaanzia B, na upekuzi uleule wa mara 200 unafika mbali zaidi kwa sababu haupotezi muda kwenye A. Mechi ikiisha linaongezwa somo la pili: kila hali ambayo zamu ilikuwa ya mshindi inapewa +1, na ya aliyeshindwa −1, ili mtandao ujifunze kukadiria nani anaelekea kushinda. AlphaGo Zero ilipekua mara 1,600 kwa kila hatua. Ni wazi basi kwamba maneno "ilijifunza bila mwalimu" hayako sawa. Mwalimu alikuwepo: upekuzi pamoja na sheria inayosema nani ameshinda. Aliyekosekana ni mwalimu binadamu.

Sasa lile jaribio. Watafiti walichukua mtandao wenye umbo sawa na wa AlphaGo Zero na kuufundisha kwa rekodi za KGS. Ulitangulia kuwa hodari, jambo lisiloshangaza, kwani aliyepewa majibu huanza mbio mapema. Katika kubashiri hatua za wachezaji wa kulipwa pia ulibaki mbele mpaka mwisho. Lakini kabla saa 24 za mafunzo hazijaisha, mtandao uliojichezea ulikuwa unaushinda. Yaani yule aliyejua zaidi watu watacheza wapi alikuwa anapigwa na yule aliyejua kidogo. Kwangu hili lina uzito kuliko zile mechi 100, kwa sababu linatenganisha vitu viwili tulivyozoea kuviona kimoja: kumwiga mjuzi na kujua mchezo. Rekodi inafundisha la kwanza, na la pili linapatikana kwa bahati tu, pale mjuzi alipokuwa sahihi.

Kuna ushahidi wa zamani zaidi wa jambo hilohilo, na ninaupenda kwa sababu mtu mmoja alizitembea njia zote mbili. Gerald Tesauro wa IBM aliunda Neurogammon, programu ya bakgamoni iliyofundishwa kwa mifano ya mchezaji mjuzi, na mwaka 1989 ikashinda mashindano ya programu mjini London. Kisha akaunda TD-Gammon, iliyojichezea. Ilipopewa picha tupu ya ubao bila ujanja wowote wa kibinadamu, ilifikia takriban kiwango cha Neurogammon. Alipoiongezea vipimo alivyovibuni kwa mkono kwa ajili ya Neurogammon, iliipita kwa mbali, na toleo lililojichezea mechi 1,500,000 likawa linakaribiana na mabingwa wa dunia. Dadu za mwanzo kama 4 na 1 wachezaji walikuwa wamezoea kuzicheza kwa kuacha kete moja wazi kwenye pointi ya 5 na kuomba isipigwe. TD-Gammon ilipendelea kusogeza kete moja ya nyuma kutoka pointi ya 24 hadi 23. Wajuzi walipoipima hatua hiyo kwa kuirudia mara nyingi mno, wakakuta programu ina haki, na mtindo wa zamani ukafifia kwenye mashindano.

Tazama lakini kwamba ile TD-Gammon kali haikuwa tupu. Ilijichezea juu ya vipimo vya mtu. Hili litarudi mbele.

Kujichezea kuna ugonjwa wake, na bakgamoni iliukwepa kwa sababu ya dadu. Dadu inamlazimisha mchezaji aingie mahali ambapo kwa hiari yake asingekwenda. Go na othello hazina dadu. Programu ikijichezea bila kusukumwa itapata njia inayoipendeza, itaicheza, itaiamini zaidi, itaicheza tena. Mimi yamenikuta kwenye programu ndogo ya othello. Grafu ya makosa ilikuwa inashuka vizuri, nikalala nimeridhika. Asubuhi nilifungua mechi za usiku nikaanza kuzisoma moja moja, na hatua kumi za kwanza zilikuwa zilezile katika kila mechi niliyoifungua. Makosa yalishuka kwa sababu programu ilikuwa inakariri mechi moja. Nilikuwa nimesahau kuwasha kelele.

Kelele yenyewe ni ndogo. AlphaGo Zero ilichanganya makisio ya mtandao na namba za kubahatisha kwenye hatua inayotaka kuchezwa, robo tatu makisio na robo kelele. Katika hatua 30 za kwanza za kila mechi haikuchagua iliyotembelewa zaidi, ilipiga kura kulingana na idadi ya matembezi. Kwa mfano wetu, A ingechezwa mara moja katika kila tano hata kama B inaongoza. Anayejichezea basi ahesabu kila siku ni mianzo mingapi tofauti imo katika mechi zake, na aipime programu dhidi ya wapinzani wasiobadilika: toleo la wiki iliyopita, la mwezi uliopita, na programu ya mtu mwingine. Kulishinda toleo la jana tu hakutoshi. Toleo jipya linaweza kumshinda wa jana kwa kujua udhaifu wake mmoja, huku likipigwa na wa juzi.

Rekodi za watu hazina ugonjwa huo, ila zina wa kwao. Hali za ubao ndani ya mechi moja zinafanana mno, zinatofautiana kwa jiwe moja, na zote zina mshindi mmoja. Waundaji wa AlphaGo walipojaribu kuufundisha mtandao kukadiria mshindi kwa kutumia mechi za watu, ulikariri mechi zenyewe: kosa lilikuwa 0.19 kwa hali ulizofundishwa na 0.37 kwa hali mpya. Dawa yao ilikuwa kujichezea. Walitengeneza mechi milioni 30 na kuchukua hali moja tu kutoka kila mechi, na pengo likawa 0.226 dhidi ya 0.234. Kwa hiyo hata aliyechagua njia ya rekodi, kwa kazi ya kukadiria mshindi bado atahitaji mechi ambazo watu hawana muda wa kuzicheza.

Upande wa pili wa mizani nao una uzito. Katika AlphaGo hiyohiyo, mtandao wa kuchagua hatua ulionolewa kwa kujichezea ulikuwa unaushinda ule wa rekodi zaidi ya mara 80 kati ya 100 wakicheza bila upekuzi. Lakini ndani ya upekuzi, ule wa rekodi ulifanya kazi vizuri zaidi, na ndio uliotumika. Maelezo ya watafiti ni kwamba watu hutawanya macho kwenye hatua kadhaa zenye matumaini, ilhali ule ulionolewa ulikuwa umeng'ang'ania moja. Upekuzi unahitaji mapendekezo mengi mazuri kuliko pendekezo moja la uhakika.

Halafu kuna gharama, ambayo kwa wengi wetu ndiyo inayoamua. Chukua othello ya 8 kwa 8, ambayo mechi yake haizidi hatua 60. Ukijichezea mechi 10,000 kwa upekuzi wa mara 200, mtandao utaulizwa 10,000 × 60 × 200, yaani mara milioni 120. Tuseme kadi yako ya grafiki inajibu maswali 2,000 kwa sekunde: hizo ni saa 16 na dakika 40, na bado hujafundisha chochote, umekusanya vitabu tu. Mechi 10,000 zilizopo tayari ni hali 600,000. Uzipitie mara 10, na kila pito liwe na gharama mara tatu ya swali moja, unapata saa mbili na nusu. Tena mechi elfu kadhaa za mwanzo za kujichezea ni takataka, zinachezwa na programu isiyojua kitu. Kwa go ya 19 kwa 19 hesabu inatisha, ndiyo maana programu huria ya KataGo ilipotoka mwaka 2019 ilivutia wengi: kwa siku 19 na kadi zisizofika 30 iliipita programu nyingine ya go, ELF OpenGo, iliyokuwa imetumia kadi 2,000. Sehemu ya siri yake ilikuwa kutofanya upekuzi mrefu kila hatua na kuupa mtandao masomo ya ziada, kama kukisia kila sehemu ya ubao itaishia mikononi mwa nani. Baadhi ya masomo hayo yalitoka kwa mtu anayeijua go.

KataGo pia inaonyesha mahali ambapo kelele haisaidii. Kuna mwanzo mmoja wa pembeni mwa ubao, unaotajwa kwa jina la bingwa Mi Yuting, ambao mistari yake ni mirefu na kila kosa ni kifo. Programu iliyojichezea haikuupitia vya kutosha ikaujua, kwa hiyo muundaji wake alianza baadhi ya mechi za mafunzo kutoka katika hali hizo kwa makusudi. AlphaGo Zero nayo ilichelewa sana kuelewa "ngazi", ule mfululizo wa kukimbizana mawe kutoka kona moja hadi nyingine ambao mtu hufundishwa katika siku zake za kwanza. Mtu huielewa ngazi kama wazo moja linalojirudia. Mtandao unaona hatua 30 zinazopaswa kuwa sahihi zote.

Kasoro kubwa zaidi ilifichuliwa na watafiti walioifundisha programu nyingine kwa lengo moja tu, kuishinda KataGo. Haikucheza go nzuri. Ilijenga kikundi kidogo, ikaiacha KataGo ikizungushe kwa mnyororo wa mawe, kisha nayo ikauzungushia mnyororo huo kutoka nje na kuula. KataGo haikuona hatari mpaka imechelewa, na ilishindwa zaidi ya mara 97 katika kila 100 hata ikiwa na upekuzi wa kutosha kumshinda bingwa yeyote. Mwaka 2023 mchezaji wa ridhaa aliujifunza ujanja huo akautumia bila msaada wa kompyuta wakati wa mechi, akashinda 14 kati ya 15. Mamilioni ya mechi za kujichezea hayakuwa yameleta somo hilo, kwa kuwa hakuna upande uliowahi kuwa na sababu ya kulijaribu.

Kwa hiyo nani achague nini? Kama unataka programu inayoshinda, mchezo una wachezaji wawili, kila kitu kiko wazi ubaoni, na unaweza kulipia umeme wa wiki kadhaa, jichezee. Kama mashine ni moja na rekodi nzuri zipo, anza na rekodi mtandao uache kucheza kiholela, kisha ujichezee kutoka hapo. Utafika mapema zaidi, na kwa ukubwa huo sioni aibu yoyote ya kuiga.

Kama lengo ni programu inayocheza kama mtu, kwa mfano ya kumzoeza mwanafunzi wa sataranji, kujichezea hakutakufikisha hata kwa mashine elfu. Maia, programu ya sataranji iliyotoka 2020, ilifundishwa kwa mechi za watu wa viwango mbalimbali kutoka tovuti ya Lichess, kila kiwango na mtandao wake. Inabashiri hata makosa ya mchezaji wa kiwango cha 1100, kitu ambacho programu iliyojichezea haina pa kukijulia.

Michezo ya watu wengi ndiyo inayoniacha na mashaka. Katika Diplomasia, mchezo wa mataifa saba yanayosaidiana na kusalitiana, programu iliyojichezea kutoka sifuri ilikuwa kali mno katika toleo la wachezaji wawili. Ilipowekwa mezani peke yake na sita zilizojifunza kwa watu, ilipata chini ya ile sehemu moja ya saba ambayo mchezaji wa kawaida angetegemea. Ilikuwa imejifunza desturi za kushirikiana na nakala zake yenyewe, na wenzake mezani walikuwa na desturi nyingine.

Katika go ya watu wawili upekuzi unapima hatua yako dhidi ya jibu kali kuliko yote, na ukilihimili hilo utahimili mengine. Mezani kwa watu saba hakuna jibu moja la kupimia, inategemea walioketi ni akina nani, na hilo halimo katika sheria za mchezo.